Ujumbe wa kuchombeza baada ya mtoko wa kwanza: umwonyeshe umempenda bila kumbana

Mwombe dada yeyote akusomee ujumbe aliotumiwa siku moja baada ya mtoko wa kwanza, na mara nyingi utasikia ule ule: "Mambo mrembo, jana nilienjoy sana, tangu jana nakuwaza tu, vipi wewe ulinionaje, tutaonana lini tena?" Aliyeuandika hakuwa na nia mbaya. Amependa, na anataka kujua kama naye amependwa. Shida ni kwamba ametuma maombi mawili ya majibu kwa pamoja, na aliyetumiwa hajapata hata nafasi ya kuifikiria jana yake. Kinachofuata ni kimya, na kimya hicho huzaa "mbona hujibu?"

Mwongozo huu unahusu ujumbe huo mmoja tu: wa WhatsApp, unaotumwa kati ya usiku wa mtoko na kesho yake, kwa mtu uliyekutana naye mara moja na ungependa kumwona tena. Kipimo ninachotumia ni kimoja. Usome ujumbe wako ukijifanya hautajibiwa kabisa. Je, bado ni ujumbe mzuri, au umebaki ukining'inia kama swali lisilojibiwa? Ukisimama wenyewe bila jibu, hauna presha. Ukihitaji jibu ili upate maana, una presha, hata ukiujaza vicheko.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kijana ni fundi wa madirisha ya alumini, anaishi Tabata. Binti anauza dawa kwenye famasi Sinza na anakaa na mama yake. Jumamosi jioni wamekutana Coco Beach, wakala mihogo ya kukaanga na mishkaki. Binti akajisifu kwamba yeye ni mtu wa Tanga, pilipili ya Dar haimtishi, akaongeza kijiko cha pili. Dakika moja baadaye machozi yanamtoka, anacheka, anatafuta maji. Kabla ya kuagana akataja kwamba Jumapili ana zamu ya asubuhi na Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumzika. Saa mbili usiku akapanda bajaji akaondoka.

Kwanza, ujumbe wa kufika

Usiku ule ule unatuma ujumbe wa kumjulia hali ya safari, na hapo usichanganye kitu kingine: "Umefika salama?" Huu si wa kuchombeza. Ni ustaarabu wa kawaida, na kwetu mtu asipoutuma huonekana hajali. Uutume pale unapokadiria amefika. Ukiutuma mara tano akiwa bado njiani utaonekana unamfuatilia.

Jibu lake litakupa joto la kuanzia. Binti wetu akijibu "Nimefika, asante kwa leo 😊", hiyo ni salama na ya adabu, haisemi mengi. Akijibu "Nimefika, ila mdomo bado unawaka 😂", amekufungulia mlango wa utani mwenyewe, na unaweza kuchombeza pale pale. Akijibu "Nimefika" peke yake saa nne usiku, huenda amechoka tu. Usianze kuchambua neno moja kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Mjibu "Lala salama" na uweke simu chini.

Aliyepokea ujumbe wa kufika naye anaweza kuchombeza, na pengine hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote kwa dada anayeogopa kuonekana anajirahisisha. Mfano: "Nimefika salama. Mama ameniuliza mbona nacheka peke yangu, nimemwambia ni foleni ya Mwenge." Humo hakuna "nimekupenda", hakuna "nakuwaza", hakuna swali hata moja. Lakini kijana akiusoma anajua kabisa amecheza vizuri.

Saa ya kutuma

Kama usiku haukufunguka, tuma kesho yake. Ile kanuni ya kusubiri siku tatu ili usionekane una njaa siipendi. Mtu aliyefurahi jana akikaa siku tatu bila kusikia chochote anahesabu kwamba hukupendezwa, na ukija siku ya nne unakuwa umeanza na kazi ya kujieleza. Kesho yake ni muda wa kawaida kabisa, na hakuna anayekuona mwenye haraka.

Angalia tu ratiba aliyokutajia. Binti yuko kaunta asubuhi, wateja wamejipanga na karatasi za daktari. Ujumbe wa saa tatu atauona katikati ya kuhesabu vidonge, ataufungua, atasahau kujibu, na wewe utabaki na tiki mbili za bluu na mawazo. Mchana wakati wa chakula au jioni akitoka zamu ni bora. Kama mwenzio husali Jumapili asubuhi, au ni mwezi wa Ramadhani na jua linakaribia kuzama, unajua la kufanya. Kuanzia saa tano usiku kwenda mbele usichombeze. Maneno yale yale ya mchana, yakifika saa sita usiku, husomeka kama yanataka kitu kingine.

Kuandika wenyewe

Ujumbe mzuri wa aina hii una vitu vitatu: kitu kimoja kilichotokea kwenu wawili tu, hisia moja iliyosemwa waziwazi, na mwisho unaomwachia huru. Sentensi mbili hadi nne zinatosha.

Hicho kitu kilichotokea ndicho kinachoondoa harufu ya ujumbe wa kunakili. "Nilienjoy sana" unaweza kumtumia mtu yeyote Dar nzima. Machozi ya pilipili ni ya huyu mmoja. Tafuta alichosema, alichokataa, alichokicheka, ubishi mliouacha njiani. Chagua kimoja. Ukitaja vinne utaonekana ulikuwa unaandika kumbukumbu za kikao.

Kijana wetu anaandika rasimu ya kwanza Jumapili mchana:

"Mtu wa Tanga, macho yamepona? 😄"

Inachekesha na ina alama yake, ila ni ya rafiki. Binti akiisoma hajui kama huyu anamtaka au anamtania kama mdogo wake. Wengi hukwama hapa, hasa wanaume wanaoogopa kukataliwa: wanatania wiki nzima mpaka wanageuka kaka. Kwa hiyo anaongeza hisia:

"Mtu wa Tanga, macho yamepona? Jana ulipendeza sana, nimekumiss tayari, sijui umenifanyia nini. Lini tena nikuone?"

Sasa amezidisha. "Nimekumiss" baada ya saa kumi na saba ni nzito kuliko kilichotokea. "Sijui umenifanyia nini" inamtwika binti kazi ya kuzibeba hisia za mtu aliyemjua jana. Na "lini tena" ni swali ambalo ili alijibu lazima kwanza aamue kama anataka kabisa, kisha atafute siku. Rasimu ya tatu:

"Mtu wa Tanga, natumaini macho yamepona 😄 Sikujua mtu anaweza kulia kwa pilipili na bado akapendeza vile. Nilifurahi sana kukaa na wewe jana. Zamu njema, wateja wasikuchoshe."

Huu unakwenda. Tuutazame kwa karibu. "Natumaini macho yamepona" ni utani ule ule wa rasimu ya kwanza, lakini swali limegeuzwa kuwa kauli, hivyo si lazima lijibiwe. Sentensi ya pili ndiyo yenye uchombezi: inamsifia, lakini sifa imeshonwa kwenye tukio lenyewe, haikuning'inizwa peke yake kama "wewe ni mrembo sana". Ya tatu ni hisia, imesemwa mara moja, kwa wakati uliopita. "Nilifurahi" ni habari ya jana, haimdai kitu leo. Ya mwisho inamrudisha kwenye shughuli zake, na hapo ndipo presha inapoisha: anaweza kusoma, akatabasamu, akaendelea na kazi, na hakuna mtu aliyeachwa njia panda.

Kuna wanaopenda kuacha mlango wazi zaidi. Inawezekana, ila iwe kauli pia: "Siku ukitaka marudiano na ile pilipili, mimi nipo." Hapo mwaliko upo, siku haipo, na kukaa kimya si kukataa. Usitumie utani wa deni, wa "bado una deni langu la mihogo". Unasikika mtamu, lakini aliyelipiwa jana husikia kingine kabisa, kwamba bili ilikuwa inaandikwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, fedha zikae mbali na ujumbe huu. Kama ulitaka kumsaidia nauli, hilo lilipaswa kumalizika pale pale alipopanda bajaji. Muamala ukiingia kwenye simu yake dakika mbili kabla ya maneno matamu, maneno yote yanabadilika ladha. Na dada anayeanza kesho yake na "kuna kitu nilitaka kukuomba" naye amembana mwenzake vilevile, hata kama shida yake ni ya kweli.

Maneno yanayobana

Katika Kiswahili chetu presha hujificha kwenye maneno madogo. "Mbona" ndilo la kwanza: mbona kimya, mbona hujanitafuta, mbona umesoma tu. Likitangulia sentensi tayari ni lawama. La pili ni "au": "au hukufurahi?", "au una mtu wako?" Hilo linamlazimisha akubembeleze. Lipo pia la kuulizwa maksi, "ulinionaje?", ambalo halina jibu zuri mapema hivi. Akisema vizuri atajiona ameahidi, na akisita wewe utaumia.

Majina ya kuitana nayo yana uzito wake. "Mpenzi", "wangu", "mke wangu mtarajiwa" siku ya pili ni kumvalisha mtu nguo asiyoijaribu. Mwite jina lake, au jina la utani lililozaliwa pale mezani, kama "mtu wa Tanga". "Mrembo" si baya, ila limetumika mno na madalali wa nguo mtandaoni hata halina tena mwenyewe. Kama mmekutana mkiwa watu wazima kidogo, mmoja ana watoto na mwingine ameshawahi kuoa, "bibie" kwa utani bado linapendeza.

Kusifia mwili acha kwanza. Sifia alichokichagua au alichokifanya: rangi ya kitenge, kicheko, jinsi alivyombishia muuza mishkaki. Sifa ya umbo mtu amekwishaisikia barabarani kutoka kwa makondakta. Na vikaragosi vyake: cheko moja linatosha. Midomo na mioto mitatu mfululizo inasema ambacho maneno yako yalikuwa yanajizuia kusema.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni kioo cha simu. Binti anakaa na mama yake. Ujumbe ukiingia, maneno ya mwanzo hujitokeza kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, na simu iko mezani pembeni ya sahani ya wali. "Mtu wa Tanga, natumaini macho yamepona" mama akiisoma anaona utani wa kawaida. "Baby jana ulinimaliza" ikijitokeza pale, umemwanzishia mwenzio kikao cha familia kwa ajili ya mtu aliyemwona mara moja. Sentensi ya kwanza iwe ile ambayo hata shangazi angeweza kuiona.

Ujumbe wa sauti sikushauri kwa mara hii ya kwanza, hata kama sauti yako ni nzuri. Anayeupokea kazini hawezi kuusikiliza mbele ya wateja, na hawezi kuupitia haraka kwa macho. Zaidi ya hapo, hata mtu aliyezima tiki za bluu, akiusikiliza tu mtumaji anaonyeshwa. Umemnyima nafasi ya kusoma kimya na kujibu akiwa tayari.

Akijibu

Tuseme jioni binti ameandika: "Hahaha nani alilia? Ule ulikuwa moshi wa mkaa. Na wewe ulivyokuwa unapuliza muhogo kama chai!" Hili ni jibu zuri kwa sababu mbili: amerudisha utani, na amekumbuka kitu chako. Hapo cheza kidogo, ujumbe mmoja au miwili, kisha mwalike. Usingoje mpaka stori ziishe na mkaanza kuulizana "umekula nini".

Mwaliko mzuri una siku, una mahali, na una njia ya kutokea: "Moshi wa mkaa, sawa 😄 Jumatatu jioni nitakuwa maeneo ya Sinza kupima madirisha. Ukiwa na nafasi tunywe juisi pale jirani na kwenu. Kama siku ya mapumziko unataka kulala tu, nitakuelewa kabisa." Siku maalumu ni rahisi kuikataa kuliko "lini tena", maana anaweza kukataa Jumatatu bila kukukataa wewe. Na kwa alichojibu utajua hali. Anayetaka, siku ikimshinda, huleta nyingine: "Jumatatu nampeleka mama hospitali, Jumanne je?" Asiyetaka huiacha siku ipite: "Wiki hii niko bize kidogo", "tutaangalia", "nitakwambia". "Inshallah" inaweza kuwa ndiyo au hapana. Tazama kama imefuatwa na saa.

Akijibu kwa ufupi, "Asante 😊" na basi, usimsukume. Hakuna haja ya kujibu asante kwa asante. Uache ukae. Huenda alikuwa kazini, huenda anajipa muda, huenda hakuvutiwa na ameamua kuwa na adabu. Huwezi kulijua hilo kwa kumtumia ujumbe mwingine saa ile ile.

Akisema wazi kwamba haoni mbali, kwa mfano "Nilifurahi ila naona tubaki marafiki", mjibu mara moja na ufunge: "Nimekuelewa, na asante kwa kuniambia wazi. Nilifurahi kukufahamu." Usiombe sababu. Usiseme "sawa tu" yenye sumu ndani. Na usikubali urafiki ambao mpango wake ni kungoja abadilishe mawazo.

Asipojibu

Hapa ndipo ujumbe mzuri huharibiwa na ule unaoufuata. Tiki mbili zimegeuka bluu saa nane mchana, sasa ni saa tatu usiku, na unamwona yuko hewani. Usitume alama ya kuuliza. Usitume "umelala?" Usitume kichekesho kilichozunguka kwenye makundi ili tu jina lako lirudi juu. Usiijibu Status yake ya picha ya keki ndani ya sekunde kumi, wala usiweke Status ya mafumbo kuhusu watu wasiothamini. Mafumbo hayo anayasoma na anajua ni yake.

Usiufute ujumbe pia. WhatsApp huacha alama kwamba kulikuwa na ujumbe umefutwa, na alama hiyo hupiga kelele kuliko maneno yenyewe. Kama tatizo ni herufi, kwa mfano umeandika "umelewa" badala ya "umeelewa", unaweza kuhariri ndani ya dakika 15 tangu ulipotuma. Mpokeaji ataona kwamba umehaririwa, na hilo halina aibu yoyote.

Baada ya siku tatu au nne, una ruhusa ya ujumbe mmoja zaidi, usiotaja kimya. Uwe na kitu kipya: "Leo nimekula mihogo Tabata, pilipili yao ni ya watoto. Nikakukumbuka. Wiki njema." Hauulizi ule wa kwanza ulikwenda wapi, wala hauombi radhi kwa kusumbua. Kama alikuwa amezongwa na kazi, umempa mahali pa kurudia bila kujieleza. Kama hataki, umempa nafasi ya kunyamaza mara ya pili, na kimya cha pili ni jibu. Wa tatu hautumwi, hata sikukuu ikifika, hata ukimwona amekutazamia Status zako zote saba. Kutazama Status ni kidole kinachopita. Anayetaka kuongea na wewe namba yako anayo.